Leseni ya soko imefutwa bila kusikilizwa: jinsi ya kuomba uamuzi utenguliwe

Zuhura alikuta meza yake ya vyombo imefungwa mnyororo, na juu yake karatasi ya mistari miwili: leseni imefutwa kuanzia leo kwa kukiuka masharti ya soko. Sharti lipi, nani kalalamika, lini, haikusema. Akakimbilia ofisi ya msaada wa kisheria akiapa kwamba hajakosa lolote.

"Mama, tuliza moyo," akaambiwa. "Kukosa au kutokosa, hilo tutakuja kulizungumza. Kwanza niambie, nani alikuuliza kabla ya kukufutia?"

Hakuna aliyemuuliza, na hoja yake ilikuwa hapo. Haki ya asili ina kanuni mbili: mtu asihukumiwe bila kusikilizwa, na mshtaki asiwe ndiye hakimu. Zinamlinda hata aliyekosa kweli. Harry Hook, mchuuzi wa soko la Barnsley huko Uingereza, alijisaidia haja ndogo uchochoroni jioni moja mwaka 1974, vyoo vya umma vikiwa vimeshafungwa, akajibizana na watumishi wa halmashauri. Meneja wa soko akamfutia leseni. Baadaye kamati ilimwita, lakini ilipojadili hatima yake meneja huyo alikuwa ndani na wajumbe, Hook yuko nje. Mwaka 1976 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi, ingawa tendo lenyewe halikuwa na ubishi.

Hatua ya 1: Tunza karatasi, usiguse mnyororo. Andika siku uliyopokea taarifa, kwa sababu muda wa kwenda mahakamani huanza kuhesabika mapema. Nchi nyingi hutoa miezi 3 au 6, na rufaa ndogondogo hazisimamishi saa hiyo kila mara. Ukikata mnyororo na kuuza kwa nguvu, unawapa tuhuma ya pili, na hiyo watakuwa na ushahidi nayo.

Hatua ya 2: Andika barua. Hapa watu wengi huharibu: wanajaza kurasa tatu za kujitetea dhidi ya tuhuma ambazo hawajaambiwa. Matokeo yake mamlaka hujibu, "Umeshasikilizwa, tumesoma barua yako." Ya Zuhura ilikuwa fupi:

"Nimepokea taarifa yenu ya kufuta leseni yangu. Kabla ya uamuzi huo sikuelezwa tuhuma wala kupewa nafasi ya kujibu. Naomba mnipe sababu za uamuzi kwa maandishi pamoja na nakala ya taarifa mliyoitegemea, msitishe utekelezaji, na mnisikilize mbele ya watu ambao hawakuhusika kunituhumu. Barua hii si utetezi wangu. Nitautoa nikishajua tuhuma."

Sentensi ya mwisho usiiache. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa irudi nawe.

Hatua ya 3: Rufaa ya ndani. Kama sheria ya leseni imeweka ngazi ya rufaa, ipitie, maana mahakama mara nyingi humrudisha aliyeiruka. Angalia nani wanakaa kitini. Ukimwona aliyesaini barua ya kukufutia, pinga hapohapo na uombe pingamizi lako liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Ukinyamaza, baadaye utaambiwa uliridhia.

Hatua ya 4: Mapitio ya mahakama. Wakikaa kimya, unaomba mahakama itengue uamuzi. Baadhi ya nchi hudai kwanza ombi la ruhusa. Ambatisha hati ya kiapo yenye mtiririko wa tarehe, karatasi ya kufutiwa na barua yenye muhuri, na uombe zuio la muda ili uendelee kuuza kesi ikisubiri. Hapa wakili anahitajika. Tarajia mamlaka ijitetee kwa dharura. Hatari ya kweli, kama moto au chakula chenye sumu, inaweza kuhalalisha kusimamisha leseni kwa muda kabla ya kumsikiliza mtu, lakini si rahisi itoshe kuifuta moja kwa moja.

Mahakama ikikubali, haikurudishii meza milele. Inafuta uamuzi mbovu, na mamlaka inaweza kuanza upya kwa utaratibu sahihi.

Zuhura hakufika huko. Baada ya barua ya pili, iliyotaja mahakama, mamlaka ilifungua mnyororo, ikampa tuhuma kwa maandishi: vyombo vyake vilizuia njia ya wanunuzi. Akaitwa mbele ya kamati, akaleta picha na majirani wawili wa meza. Kwa siku mbili alizotuhumiwa, alishinda moja. Ya pili picha yake mwenyewe ilionyesha mabeseni njiani. Kamati ikampa onyo la maandishi, na leseni ikabaki.