Umebadilisha nomino moja, sentensi ikabaki na mabaki: namna ya kukagua ngeli baada ya kuediti

Mi nahariri matangazo na ripoti za Kiswahili, na kosa ninalokutana nalo karibu kila wiki halitokani na mtu kutojua ngeli, linatokana na sentensi moja kupita mikono mingi. Mmoja kabadili nomino, mwingine karekebisha kitenzi cha jirani, wa tatu kakopi nusu ya sentensi kutoka toleo la zamani, na kila mmoja kaangalia kipande chake tu kakiona kiko sawa. Kompyuta nayo hainyooshi mstari mwekundu maana kila neno likiwa peke yake ni neno halali kabisa.

Tuchukue tangazo la maji. Mwanzo lilikuwa hivi:

Tatizo kubwa la maji lililojitokeza wiki iliyopita bado halijatatuliwa, na wananchi wanaolilalamikia wameomba lishughulikiwe kabla ya sikukuu. Mhandisi amesema analijua na atalitolea taarifa Ijumaa.

Ikaja amri kwamba "tatizo" ni neno kali, iwekwe "changamoto". Watu wakaediti, likarudi kwangu hivi:

Changamoto kubwa ya maji iliyojitokeza wiki iliyopita bado haijatatuliwa, na wananchi wanaolilalamikia wameomba lishughulikiwe kabla ya sikukuu. Mhandisi amesema analijua na atalitolea taarifa Ijumaa.

Soma haraka utaona iko poa. Lakini kuna maneno manne bado yanaongelea tatizo ambalo halipo tena.

Hatua ya 1: andika alama za nomino zote mbili, ya zamani na mpya. Chukua karatasi kabisa. Njia rahisi ni kusema "hili tatizo", "hii changamoto", hapo ngeli inajitaja yenyewe. Tatizo ni LI-YA, kwa hiyo alama zake ni li, la, lo. Changamoto ni I-ZI, alama zake i, ya, yo. Wengi wanaandika ya mpya tu, na hapo ndo wanapokosea, kwa sababu unachokiwinda sio alama mpya, ni mabaki ya zile za zamani.

Hatua ya 2: usikiamini kivumishi. Angalia "kubwa" hapo juu, tatizo kubwa, changamoto kubwa, haijabadilika hata herufi. Jicho likishaona nomino na kivumishi vinaelewana linapumzika, linadhani na huko mbele mambo shwari. Ingekuwa "tatizo dogo" ungelazimika kuandika "changamoto ndogo", au "jipya" likawa "mpya", na hilo badiliko lingekuamsha. Kwa hiyo ukikutana na kubwa, safi, bora na wenzake, jua hawajakuambia kitu chochote, endelea kukagua.

Hatua ya 3: anza mwisho urudi nyuma, na kila kitenzi kiulizie chake. Hii ndo hatua inayobeba kazi, msiiruke. Kosa likibaki huwa linabaki mbali na nomino, maana anayeediti anarekebisha maneno mawili matatu ya karibu halafu anachoka. Basi anzia kitenzi cha mwisho, ukiulize "nini?", halafu weka nomino mpya pembeni yake na utamke kwa sauti:

- atalitolea changamoto taarifa (hapana, ataitolea)
- analijua changamoto (hapana, anaijua)
- changamoto lishughulikiwe (hapana, ishughulikiwe)
- wanaolilalamikia changamoto (hapana, wanaoilalamikia)
- changamoto haijatatuliwa (sawa)
- changamoto iliyojitokeza (sawa)

Ukishavisogeza karibu hivyo sikio linakataa lenyewe, hata la mtu aliyesahau majina ya ngeli. Na ona kwamba matatu kati ya yale manne ni kiambishi cha yambwa, kile kilichokaa katikati ya kitenzi, wa-na-o-LI-lalamikia, a-na-LI-jua, a-ta-LI-tolea, na mawili hata hayako kwenye sentensi yenye nomino, yameshavuka nukta yako sentensi ya pili. Kwa hiyo ukibadili nomino usiishie kwenye nukta, soma mpaka pale habari ya hicho kitu inapokwisha.

Kuwa makini na li isiyohusika. Kwenye "lililojitokeza" li ya kwanza ni ya tatizo, li ya pili ni ya wakati uliopita, lo ni ya tatizo tena. Ndo maana ikawa i-LI-yo-jitokeza, ile ya katikati imebaki mahali pake. Na "wiki iliyopita" ni mali ya wiki, ukiwa unarudisha changamoto kuwa tatizo usije ukaandika "wiki lililopita" kisa umekuta iliyo nyingine hapo jirani.

Hatua ya 4: kompyuta iite baadaye, na kwa kazi ndogo tu. Ctrl+F inasaidia kutafuta "lili", "lime", "lita", "halija", vitenzi vingi vyenye kiima cha zamani vitajitokeza. Utapata na takataka kama lita za maji, hizo ruka. Ila "lishughulikiwe" haitakamatwa hapo, na kutafuta "li" tupu ni kujitesa, itakuletea walisema, alikuja na kila kitu cha jana. Yambwa na vitenzi vya kuomba ni kazi ya hatua ya 3.

Ctrl+H ya kubadilisha zote kwa mkupuo mi nimeiacha kwa nomino. Ukibadili "tatizo" kuwa "changamoto", na palipoandikwa "matatizo" patakuwa "machangamoto", maana tatizo limo ndani yake.

Hatua ya 5: amua umoja au wingi kabla hujafunga. Changamoto haibadiliki umbo, moja changamoto, kumi changamoto, kwa hiyo tofauti na tatizo/matatizo nomino haikuonyeshi kama mmechanganya. Ndo unapata "changamoto kubwa za maji zilizojitokeza bado haijatatuliwa", mmoja kawaza nyingi, mwingine kawaza moja. Andika "hii" au "hizi" pembeni ya sentensi, kisha rudia hatua ya 3 ukishikilia hiyo moja. Nomino zote za hivi, ripoti, fomu, nyumba, bajeti, zinahitaji ukaguzi huu.

Hatua ya 6: kama kuna nomino imechomekwa mbele, tafuta nani sasa ni mkubwa. Ilikuwa "Wakulima wamepata mkopo", mtu akaongeza akapata "Kikundi cha wakulima wamepata mkopo". Wakulima wako jirani na kitenzi ndo maana hakuna anayeshtuka, lakini aliyepata sasa ni kikundi, kwa hiyo kimepata. Vivyo hivyo "Mkurugenzi amesema" ikigeuzwa kuwa ya ofisi, ni "Ofisi ya mkurugenzi imesema", na sentensi inayofuata ikianza na "Aliongeza kuwa" nayo irekebishwe, au umrudishe mkurugenzi kwa cheo chake. "Idadi ya wakulima imeongezeka", hapo idadi ndo inayoongezeka. Lakini usiifanye kanuni ya kukata kila mahali, kwa sababu "baadhi ya wakulima wamepata" iko sahihi kabisa, baadhi haivuti kitenzi kwake, inawaachia wakulima.