Chromebook haikuonyeshi nenosiri la Wi-Fi: lipate kwingine

Chromebook imeunganishwa na Wi-Fi vizuri, mgeni anaomba nenosiri, na hakuna anayelikumbuka. Ukifungua Settings, kisha Network, Wi-Fi na Known networks, utaona jina la mtandao lakini nenosiri huoni. Hata ukikuta sehemu yenye vidoti na alama ya jicho, jicho hilo huonyesha tu herufi unazoandika wakati huo. Lililohifadhiwa halionyeshwi.

Imepangwa hivyo makusudi. Nenosiri hufichwa kwa usimbaji ndani ya hifadhi ya akaunti yako, ili anayeazima mashine iliyo wazi asiondoke nalo. Mtandaoni utakutana na ushauri wa kuwasha Developer Mode ulichimbue kwenye mafaili. Achana nao: kuwasha hali hiyo hufuta kila kitu kilichomo kwenye Chromebook, pamoja na hilo nenosiri unalolitafuta.

Na kabla ya lolote, usibonyeze Forget. Muunganisho huo ndio utakaokufikisha kwenye ruta.

Hatua ya 1: angalia kama kuna simu iliyounganishwa

Simu za Android 10 na kuendelea hutoa msimbo wa QR. Nenda mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao au alama ya gia iliyo pembeni yake, kisha Share. Simu itaomba PIN au alama ya kidole. Baadhi huandika nenosiri chini ya msimbo, na hapo kazi imekwisha. Nyingine huonyesha msimbo peke yake.

Kama mgeni anataka kuunganishwa tu, aelekeze kamera yake kwenye msimbo. Ukitaka herufi zenyewe, piga picha ya skrini kisha uifungue kwa programu ya kusoma QR inayoonyesha maandishi ghafi. Programu ya aina hiyo ikikuomba ruhusa ya kuona namba za simu ulizohifadhi, ifute. Simu ikikataa picha ya skrini, soma msimbo kwa simu nyingine. Maandishi yatakuwa hivi:

```
WIFI:T:WPA;S:NyumbaniB;P:Chai\;Moto24;;
```

Jina la mtandao linafuata S: na nenosiri linafuata P:. Hapa ndipo wengi hukwama: mkwaju ulio kabla ya nukta mkato si sehemu ya nenosiri, umewekwa kuonyesha kwamba nukta mkato hiyo ni herufi ya kawaida. Nenosiri ni `Chai;Moto24`. Ukiandika na mkwaju, litakataliwa. Ukimaliza, futa ile picha, maana yeyote atakayeiona anaweza kuingia.

Android 9 na za nyuma hazina msimbo huo kwa kawaida, na kulitoa nenosiri kwenye mafaili yake kunahitaji simu iliyofanyiwa ruti. Haifai kuhangaika. iPhone huonyesha nenosiri kuanzia iOS 16: gusa alama ya i kando ya mtandao, kisha Password.

Hatua ya 2: kama hakuna simu, ingia kwenye ruta

Geuza ruta kwanza usome kibandiko. Kama hakuna aliyebadilisha nenosiri, liko hapo.

Likiwa limebadilishwa, rudi kwenye Chromebook. Gusa mtandao uliounganishwa, fungua sehemu ya Network, na unakili namba ya Gateway, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Iandike kwenye kivinjari pale juu. Ukiombwa jina na nenosiri la msimamizi, tumia yale ya kwenye kibandiko. Haya si ya Wi-Fi. Ndani, tafuta WLAN au Wireless, kisha sehemu ya usalama. Nenosiri huandikwa kwa majina kama WPA PreSharedKey au Passphrase. Kukiwa na kisanduku cha Hide, ondoa alama ya tiki.

Yakibaki vidoti, bofya kwa vidole viwili juu yake, chagua Inspect, na ubadilishe `type="password"` kuwa `type="text"`. Zikitokea nyota tupu, ruta hiyo haipeleki nenosiri halisi kwenye kivinjari. Andika jipya na uhifadhi. Vifaa vyote vitatoka hewani, Chromebook ikiwemo, hadi uviwekee hilo jipya.

Kitufe cha reset kiwe cha mwisho kabisa. Kwenye intaneti ya faiba, kinaweza kufuta pia jina na nenosiri la kuunganisha kwa mtoa huduma, na utakaa bila intaneti hadi wayaweke upya.

Kwa Chromebook ya shule au ofisi, nenosiri huweza kuwa limesukumwa na msimamizi bila mtumiaji kulijua, na Inspect pengine imefungwa. Hapo muulize fundi wa mtandao. Ruta si yako.