Somo: Kuandika kitini kinachobeba sababu ambazo slaidi zimeziacha

Anayehitaji kitini zaidi ni mtu ambaye hakufika mkutanoni. Ametumiwa faili la slaidi kwa WhatsApp, anaona "Tangi: lita 10,000", na hana njia ya kujua kwa nini si 5,000. Sababu ilitolewa kwa mdomo, na slaidi haikuibeba.

Nitafuata slaidi moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme wapangaji wa jengo moja Kasarani wanataka kuvuna maji ya mvua ili wasitegemee mgao wa bomba peke yake. Slaidi ya fundi inasema hivi:

> Maji ya mvua
> • Paa: mita za mraba 200
> • Mm 50 → lita 8,000
> • Maji ya kwanza: yamwagwe
> • Tangi: lita 10,000

Hatua ya 1: Toa maandishi kwenye slaidi

Kwenye PowerPoint ya kompyuta, tumia `File > Save As` kisha uchague `Outline/RTF`. Kwenye Google Slides ni `File > Download > Plain Text (.txt)`. Kuweni waangalifu na ile ya PowerPoint: huleta maneno yaliyoandikwa ndani ya nafasi za mpangilio wa slaidi tu. Kisanduku alichokichora msemaji mwenyewe hakiji, na mara nyingi humo ndimo alimoweka tahadhari. Linganisha na slaidi moja baada ya nyingine.

Kuna pia `Create Handouts`. Hiyo hupanga picha za slaidi kando ya noti au mistari mitupu. Ni karatasi ya kuandikia ukiwa ukumbini, lakini haiongezi hata sababu moja.

Hatua ya 2: Kila kitone kiwe sentensi yenye kitenzi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo usiharakishe. Kitone cha kwanza ni rahisi: "Paa la jengo lina ukubwa wa mita za mraba 200." Cha pili kinakukwamisha. Ule mshale unasema nini? Unaweza kuwa "huleta", "kwa hiyo", "kisha", au hata "ikilinganishwa na". Tena, ukifanya hesabu mwenyewe, hupati 8,000. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, basi milimita 50 juu ya mita 200 ni lita 10,000. Lita 2,000 zimeenda wapi?

Ukishindwa kuchagua kitenzi, au hesabu ikikataa, hapo ndipo sababu ilipoachwa. Usikisie. Andika swali pembeni uendelee. Kwa slaidi yetu nilibaki na matatu: lita 2,000 zimepotelea wapi, maji ya kwanza ni kiasi gani, na kwa nini tangi ni kubwa kuliko maji yanayoingia.

Hatua ya 3: Mketishe msemaji

Usimwambie "nieleze slaidi ya 7", maana atakusomea vitone vilevile. Muulize kwa nini namba hii na si nyingine, ni kitu gani kingemfanya abadili uamuzi, na mtu mkutanoni alipinga nini. Swali la mwisho huzaa sana, kwa sababu jibu alilompa mpinzani ndiyo hoja yenyewe. Akichanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng, mwache aendelee. Utasafisha lugha ukiwa peke yako.

Hatua ya 4: Andika aya, uamuzi ukitangulia

Kwenye slaidi uamuzi huja mwisho ili watu wasubiri. Msomaji wa karatasi anautaka mwanzoni, kisha sababu zifuate. Slaidi yetu ikawa hivi:

> Tunapendekeza tangi la lita 10,000. Mvua kubwa ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa letu la mita za mraba 200 ni lita 10,000, lakini si zote zitakazofika tangini: nyingine hurukia nje, nyingine hufurika kwenye mfereji. Kwa paa la mabati tumehesabu asilimia 80, yaani lita 8,000. Ndani ya upotevu huo zimo pia lita 200 za mwanzo, sawa na milimita 1 ya mvua, ambazo tutazimwaga kwa sababu huosha vumbi na mavi ya ndege.
>
> Tangi linazidi lita 8,000 kwa sababu halitakuwa tupu mvua inapoanza. Jengo hutumia lita 400 kwa siku kwa vyoo na usafi, na tunataka akiba ya siku 5 ambazo bomba linaweza kukauka, yaani lita 2,000. Tangi la lita 5,000 lenye akiba hiyo lingepokea lita 3,000 tu na kumwaga 5,000.
>
> Tangi hili halitatuvusha kiangazi. Likijaa hutosha siku 25, na baina ya mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba kuna miezi minne.

Tazameni aya ya tatu. Haimo kabisa kwenye slaidi, na bila hiyo mpangaji angechanga pesa akiamini kwamba shida ya maji ya Agosti imekwisha. Mipaka ya hoja ndiyo huachwa kwanza kwenye slaidi, kwa kuwa msemaji huitaja anapoulizwa.

Hatua ya 5: Mpe mtu ambaye hakuwepo

Asome bila wewe kando yake, kisha umuulize: "Paa lingekuwa mita 100, tungenunua tangi gani?" Akiweza kufika kwenye lita 6,000, yaani 4,000 za mvua na 2,000 za akiba, amepata sababu. Akirudia "10,000", kitini kimempa jibu tu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Donholm: Mwalimu, aliyeandaa slaidi ameacha kazi na hapatikani. Sababu nizitoe wapi?

Jibu: Ndugu, anza na noti zilizo chini ya kila slaidi, kisha jedwali la Excel lililozaa grafu, kisha kumbukumbu za mkutano. Mara nyingi fomula ya Excel itakuonyesha ile 0.8 waziwazi. Usipopata, andika "slaidi haikutoa sababu ya namba hii". Ukitunga sababu yako, msomaji ataichukua kuwa ya msemaji na atamdai yeye.

Mwanachama, Ngara: Nina slaidi 40 na bosi anataka kurasa tatu.

Jibu: Dada, usigawanye nafasi kwa hesabu ya slaidi. Slaidi ya ajenda, ya kichwa cha sehemu na ya "Maswali?" zinatoka zote. Kisha tafuta slaidi zinazoshikilia hoja moja. Sita zinaweza kuwa aya mbili. Kurasa tatu zisipotosha, punguza hoja, usipunguze sababu.

Mwanachama, Rongai: Grafu yangu hujitokeza hatua kwa hatua. Nikichapisha, vitu vinalaliana.

Jibu: Karatasi huonyesha vitu vyote vya slaidi kwa pamoja, hata vile vilivyopaswa kutoweka. Nakili slaidi hiyo mara mbili au tatu, na kwenye kila nakala ufute visivyohusika, kisha uchukue ile hatua yenye hoja tu. Chini yake andika sentensi moja ya kumwambia msomaji atazame wapi, maana ile mishale na rangi zilikuwa zikisaidiwa na kidole cha msemaji.

Mwanachama, Donholm: Nikigawa kitini mapema, si watu watasoma badala ya kusikiliza?

Jibu: Kama mkutano ni wa kufanya uamuzi, kipeleke siku moja kabla ili waje na maswali. Kama ni wa kufundisha, kigawe mwishoni. Usikigawe katikati.