Somo: kutengeneza NaOH ya 0.1 M na kuisahihisha ikishanyonya hewa, kabla hujaanza titresheni

Wadau, leo tuongelee sodiamu haidroksaidi, maana naona watu wanahangaika sana kutafuta kosa kwenye bureti, kwenye pipeti, kwenye macho yao, kumbe tatizo liko ndani ya chupa. NaOH inanyonya maji na inanyonya CO2 ya hewani kuanzia dakika unayofungua kopo, kwaiyo hata ukipima gramu 4.000 kwa mizani nzuri kuliko zote bado hujui umeweka NaOH kiasi gani. Peleti zenyewe zinakuja tayari na ngozi nyeupe ya kabonati. Ndo maana tunaitengeneza kwa makadirio kwanza, halafu nguvu yake tunaipima baadae.

Hatua ya 1: anza na solusheni nzito ya nusu kwa nusu

Hii njia ni ya zamani na mi sijaona iliyo bora kwa maabara ya kawaida. Chukua maji mililita 50 kwenye bika, weka bika ndani ya beseni la maji baridi, halafu ongeza NaOH gramu 50 kidogokidogo huku unakoroga. Ni peleti zinazoingia kwenye maji, usije ukageuza ukamwagia maji juu ya peleti, itachemka na kukurukia. Vaa miwani na glavu, na usimuachie mtu aifanye bila miwani eti ni dakika mbili tu, maana tone moja la hii kitu kwenye jicho linaweza kulipofua. Ikishapoa hamishia kwenye chupa ya plastiki ya polithini, funga, iache siku kadhaa bila kuisumbua.

Kinachotokea humo ndo uzuri wenyewe. Kabonati ya sodiamu haiyeyuki kwenye NaOH nzito namna hiyo, kwaiyo inazama chini inakuwa mashapo meupe na juu inabaki solusheni safi kabisa, yenye takriban 19 M. Yaani kabonati inajitoa yenyewe.

Hatua ya 2: punguza nguvu

Chemsha maji yaliyochujwa kwa mvuke kama lita moja na kidogo, yatokote vizuri dakika 5 hadi 10, halafu yapoe yakiwa yamefunikwa. Chota mililita 5.3 za ile solusheni safi ya juu kwa pipeti ya plastiki bila kugusa mashapo, weka kwenye maji yako hadi ifike lita 1, funga, tikisa sana. Watu wengi hawatikisi vya kutosha, na solusheni nzito inakaa chini, kwaiyo bureti ya kwanza na ya tatu zinatoa majibu tofauti.

Kuhusu kuchemsha maji niseme ukweli, kwa 0.1 M maji safi yaliyokaa na hewa ya kawaida karibu hayaleti tofauti yoyote unayoweza kuiona kwenye bureti. Kabonati nyingi inatoka kwenye peleti na kwenye chupa inayofunguliwafunguliwa. Ila ukishuka hadi 0.01 M kuchemsha ni lazima.

Hatua ya 3: pima nguvu yake kwa KHP

KHP ni potasiamu haidrojeni fthaleti, asidi yabisi, safi, haivuti maji ya hewani ovyo, moli moja ni gramu 204.22. Ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 kwa saa 1 au 2, ipoe ndani ya desiketa, pima karibu gramu 0.51 kwenye flaski ya koni, yeyusha kwa maji kama mililita 50, tone 2 au 3 za fenoftalini, halafu teremsha NaOH hadi ipate rangi ya waridi hafifu inayokaa sekunde 30.

Mfano tutakaoufuata hadi mwisho: KHP gramu 0.5132, NaOH iliyotumika 25.03 mL.

0.5132 ÷ 204.22 = moli 0.002513, yaani milimoli 2.513
2.513 ÷ 25.03 = 0.1004 M

Rudia mara tatu, zikikubaliana andika 0.1004 kwenye lebo pamoja na tarehe. Na andika pia indiketa uliyotumia, sababu ndo hii inayofuata.

Hatua ya 4: chupa imekaa, imefunguliwa sana, sasa ina kabonati kiasi gani?

Hapa ndo kiini cha somo. CO2 ikiingia, NaOH mbili zinageuka kuwa Na2CO3 moja:

2NaOH + CO2 → Na2CO3 + H2O

Sasa angalia vizuri. Kabonati nayo ni besi, inaweza kupokea asidi mara mbili. Mara ya kwanza inakuwa baikabonati, na hapo ndipo fenoftalini inapopoteza rangi, karibu na pH 8. Mara ya pili inakuwa asidi ya kaboniki, na hiyo unaiona kwa methili orenji chini kule karibu na pH 4. Maana yake ukitumia methili orenji kabonati inakurudishia zote mbili ilizozila, jumla haijabadilika hata kidogo. Ukitumia fenoftalini inakurudishia moja tu, nyingine imepotea. Chupa moja, namba mbili, na zote ni za kweli kutegemea na indiketa.

Kuipima unahitaji HCl ambayo nguvu yake unaijua, tuseme 0.1000 M. Pima NaOH mililita 25.00 kwenye flaski, weka fenoftalini, teremsha HCl taratibu huku unazungusha flaski muda wote, hasa mwishoni, maana ukimwaga kwa haraka sehemu moja inakuwa na asidi nyingi na CO2 inatoroka kabla ya zamu yake. Rangi ikipotea soma bureti. Usijaze upya, ongeza methili orenji kwenye flaski hiyohiyo, endelea hadi njano ianze kuelekea chungwa, soma tena.

Chupa yetu ya 0.1004 baada ya kukaa ikatoa hivi: fenoftalini 24.60 mL, methili orenji 25.10 mL kwa jumla. Tofauti ni 0.50 mL, na hiyo ndo kabonati.

Kabonati: 0.50 × 0.1000 ÷ 25.00 = 0.0020 M
NaOH iliyobaki: (24.60 − 0.50) × 0.1000 ÷ 25.00 = 0.0964 M
Nguvu kwa methili orenji: 25.10 × 0.1000 ÷ 25.00 = 0.1004 M
Nguvu kwa fenoftalini: 24.60 × 0.1000 ÷ 25.00 = 0.0984 M

Mmeona, jumla ni ileile 0.1004 ya siku ya kwanza. Ila anayepima asidi ya asetiki kwa fenoftalini akitumia 0.1004 ya kwenye lebo, majibu yake yote yako juu kwa asilimia 2. Akitumia bureti 20.00 mL ataandika milimoli 2.008 wakati ukweli ni 1.968. Na hawezi kugundua kwa kurudia, maana atapata 20.00 kila mara, majibu yanakubaliana vizuri kabisa na yote yamekosea.

Hatua ya 5: sahihisha

Kwa asidi dhaifu na fenoftalini, pima upya kwa KHP siku hiyohiyo. KHP nayo inaishia kwenye pH ya fenoftalini kwaiyo inakupa 0.0984 moja kwa moja, kabonati imeshahesabiwa humo. Hiyo inatosha kwa kazi nyingi. Ila kabonati ikizidi, rangi mwishoni inakuwa ya kusitasita, inakuja inaondoka, huwezi kusema tone ni lipi. Mi tofauti ya indiketa mbili ikipita asilimia 1 namwaga natengeneza nyingine, maana ile solusheni nzito ipo pale inasubiri, ni kazi ya dakika chache. Kwa mfano wetu basi hiyo chupa inaondoka.

Kwa kuhifadhi: plastiki, kizibo cha kubana, na kama unachota kila siku weka bomba lenye chokaa soda pale hewa inapoingilia. Kizibo cha kioo usiweke, kitaganda.

MASWALI

Swali: Mwalimu, mi sina siku za kusubiri mashapo, siwezi kuyeyusha peleti tu moja kwa moja?

Jibu: Unaweza. Pima peleti kama gramu 4.5, zisuuze haraka sana kwa maji kidogo uliyochemsha, yamwage, hapo ngozi ya kabonati nyingi imeondoka, halafu yeyusha zilizobaki hadi lita 1. Nguvu itatoka vyovyote, 0.097 au 0.105, haijalishi maana utapima kwa KHP. Kabonati haitakuwa sifuri ila itakuwa kidogo.

Swali: Kuna njia ya haraka ya kujua kama chupa imeharibika, kabla sijapoteza muda na bureti?

Jibu: Ipo. Chukua mililita chache kwenye testi tyubu, dondoshea BaCl2 ya asilimia 10. Ikiwa na ukungu mweupe kuna kabonati, ikibaki safi endelea na kazi. BaCl2 ni sumu, usimwage kwenye sinki na nawa mikono. Na hiyohiyo BaCl2 inaweza kukupa namba, ukiweka ya kutosha kwenye mililita 25 kabonati yote inaganda kuwa BaCO3, ukitaitreti taratibu kwa HCl na fenoftalini unapata NaOH peke yake. Kwa chupa yetu ungesoma 24.10 mL. Methili orenji hapo usitumie, asidi itayeyusha ile BaCO3.

Swali: Kwahiyo mkuu si niweke BaCl2 kwenye chupa nzima, nimalize tatizo?

Jibu: Wapo wanaofanya hivyo, wanaacha itulie wanachota juu. Mi siipendi, maana bariamu ya ziada inabaki, na siku ukileta sampuli yenye salfeti flaski inajaa unga mweupe na rangi huioni. Ukilazimika, pima upya kwa KHP baada ya kutulia.

Swali: Rangi ya waridi yangu inapotea baada ya kama dakika moja na nusu, niongeze tone?

Jibu: Hapana, usiongeze. Hiyo ni CO2 ya hewani inaingia kwenye flaski wazi. Ikishakaa sekunde 30 soma bureti uandike. Ikipotea ndani ya sekunde 5 au 10 hapo hujafika, ongeza.

Swali: Mi napima HCl tu na natumia methili orenji, kabonati inanihusu?

Jibu: Kidogo sana, kwa sababu jumla haibadiliki. Ila nguvu ya NaOH yako uipate kwa methili orenji pia, dhidi ya HCl inayojulikana. Usichukue ile ya KHP, maana KHP haifanyi kazi na methili orenji, rangi itabadilika mapema mno kabla hujafika popote. Ukichukua 0.0984 ya KHP ukaitumia kwa methili orenji utakosea upande wa pili, majibu yatakuwa chini kwa asilimia 2.