Kuandika skripti ya video ya mbio: kosa la kurusha mguu mbele

Nafundisha mbio fupi sekondari na kuandaa vijana wa UMISSETA. Video yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika nne: kichwa, mikono, magoti, nyayo, vyote humo. Wanafunzi waliitazama, kisha wakakimbia vilevile. Siku hizi video moja hubeba kosa moja na haizidi sekunde 90. Hapa nitatumia kosa ninaloliona zaidi: mkimbiaji kurusha mguu mbele ili apate hatua ndefu.

Hatua ya 1: Rekodi kosa kabla ya kuandika

Weka simu ubavuni mwa njia, umbali wa kama mita 10, juu ya kiti au stendi, usawa wa kiuno. Iache itulie hapohapo. Usimfuate mkimbiaji nayo. Apite mbele yake baada ya kukimbia mita 30 hivi, kwa sababu mwanzoni mwili bado umeinama na mguu hutua kwa namna nyingine.

Chagua mwendo wa polepole, picha 120 kwa sekunde. Kijana anayekwenda mita 7 kwa sekunde husogea karibu sentimita 23 kati ya picha na picha ukirekodi kwa 30, na wakati muhimu utakupita. Kwa 120 anasogea kama sentimita 6 tu.

Sasa simamisha video pale mguu unapogusa chini, uangalie muundi, kati ya goti na kifundo. Ukiwa wima, au karibu na wima, hana kosa. Ukiwa umelala nyuma, wayo umelitangulia goti na kisigino kimetua kwanza, basi kila hatua anafunga breki.

Tahadhari moja: usiandike kwamba mguu utue chini ya mwili kabisa. Katika kasi kubwa wayo hutua mbele kidogo ya nyonga hata kwa mkimbiaji bora. Mtoto akilitii neno hilo ataanza kudonoadonoa kwa hatua fupifupi.

Hatua ya 2: Tafuta neno la kumwambia

Nilikuwa na msichana wa kidato cha pili, mkimbiaji wa mita 200. Kila alipochoka alisikia kelele za pembeni: "Panua hatua!" Naye alitii, akarusha mguu mbele zaidi, akazidi kupungua kasi. Hatua ndefu huletwa na msukumo wa nyuma, lakini neno lile lilimtuma mbele.

Nilimpa maneno mawili: "Piga chini!" Yanatamkika ndani ya hatua moja, na yanampeleka kwenye ardhi, si kwenye goti lake. "Usinyooshe goti" humfanya alifikirie goti, na mwili mzima unakakamaa.

Hatua ya 3: Andika picha na sauti pamoja

Hii ndiyo skripti niliyomwandikia:

*Picha:* Mwalimu anakimbia akirusha mguu mbele. Picha inasimama kisigino kinapogusa.
*Sauti:* "Tazama muundi. Umelala nyuma. Hapa najifungia breki."

*Picha:* Mwanafunzi anapita vizuri, mara mbili, polepole.
*Sauti:* "Muundi uko wima. Piga chini!" (Kimya sekunde tatu.)

*Picha:* Vipande 10 vya mpira wa ndani wa baiskeli vimelazwa njiani.
*Sauti:* "Pima nyayo zako sita kati ya kipande na kipande. Anza mbio mita 15 nyuma. Kila nafasi, mguu mmoja. Usikimbie kwa nguvu zote."

*Picha:* Mwanafunzi anapita juu ya vipande, kiuno kimeshuka, macho chini.
*Sauti:* "Huyu anakimbia amekaa. Refuka! Macho mwisho wa njia."

Kosa naliigiza mwenyewe ili mwanafunzi asichekwe, na huyo wa mwisho huwa ameombwa aigize. Anayeonekana usoni, mzazi wake na mkuu wa shule wawe wameridhia kwanza.

Kipande hicho cha mwisho usikiache. Zoezi la nafasi fupi humponya wa kurusha mguu, lakini humzoesha wengine kukaa. Akipita akiwa mrefu na muundi wima, ongeza nusu wayo kwenye kila nafasi. Usitumie vijiti: akikikanyaga kinabingirika na kifundo kinateguka.

Hatua ya 4: Isome kwa saa

Soma kwa sauti huku ukipima muda. Kwa sekunde 90 sivuki maneno 120, maana jicho linahitaji kimya ili lione. Sentensi ikigongana na picha, nakata sentensi.

Kisha mwonyeshe mwanafunzi mmoja, umuulize: "Utafanya nini?" Akijibu "Napiga chini," rekodi. Akianza kukueleza habari za muundi, rudi hatua ya 2. Muundi ni wa kutazamwa kwenye video, si wa kufikiriwa akikimbia.

Baada ya wiki mbili za zoezi, mara mbili kwa wiki, mrekodi tena kutoka kiti kilekile, mita 30 zilezile, uweke picha mbili za mguu unapogusa chini ubavu kwa ubavu.