Damu kwenye makohozi baada ya kifua kikuu kupona: hatua za kulitambua na kulitibu donge la kuvu

Mchumaji karafuu wa Wete, mwenye miaka 58, alinifungulia leso yenye damu. "Dokta, TB yangu imerejea," alisema. Alikuwa ameshamaliza dawa miaka 6 nyuma, na kwa ajili ya damu hiyo alikuwa ameanzishiwa tena rifampisini mahali pengine, ingawa makohozi yake hayakuwa yameonesha vimelea.

Hatua ya kwanza ni kupima makohozi kwa GeneXpert kabla ya kurejesha dawa za kifua kikuu. Kipimo hicho huweza kunasa mabaki ya vimelea vilivyokufa, kwa hiyo jibu lenye alama hafifu kwa mtu aliyekwisha kutibiwa lithibitishwe kwa kuotesha. Kwa mzee huyu vyote viwili vilikuwa safi.

Hatua ya pili ni picha. Eksirei ilionesha shimo la zamani sehemu ya juu ya pafu la kushoto, na ndani yake donge la mviringo lililozungukwa na hewa kama mwezi mwandamo. Mlaze mgonjwa ubavu na upige tena: donge la kuvu ya aspagilasi mara nyingi huporomoka upande wa chini, ilhali saratani haisogei. Kingamwili za IgG dhidi ya kuvu hiyo zikiwa juu, shaka hupungua sana.

Hapa usichanganye na mzio wa kuvu hiyohiyo, ambao humpata hasa mwenye pumu, kingamwili yake ya IgE ikiwa juu sana. Huyo hutibiwa kwa prednisoloni. Ukimpa dawa hiyo mwenye donge, unailisha kuvu.

Hatua ya tatu ni tiba. Donge moja kwa mtu mwenye mapafu mazuri huondolewa kwa upasuaji, lakini mzee wetu alikuwa akihema kwa ngazi chache tu. Flukonazoli, inayopatikana kila duka la dawa, haiui aspagilasi hata kidogo. Tulichagua itrakonazoli miligramu 200 mara mbili kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 6, vidonge vya kapsuli vikimezwa baada ya chakula na bila omeprazoli, kwani huhitaji asidi ya tumbo. Rifampisini huimaliza itrakonazoli mwilini, hivyo tuliisimamisha rifampisini na kusubiri wiki 2 kabla ya kuanza itrakonazoli. Mwenye moyo ulioshindwa hapewi itrakonazoli, na ini lipimwe kila baada ya muda.

Damu ikimiminika, mlalishe upande wenye shimo ukiwa chini ili pafu la upande wa pili lisifurike, mpe asidi ya traneksamiki, na uandae rufaa mara moja, kwani kutoka Pemba safari yenyewe ni ya bahari au ndege.

Baada ya miezi 6 mzee alikuwa ameongeza kilo 4 na leso yake ilikuwa kavu, ingawa kwenye picha donge bado limo.