Kabla ya kumtumia msimamizi muhtasari wa wasilisho

Tuseme mwanafunzi wa uzamili jijini Nairobi anatetea pendekezo lake la utafiti Alhamisi ijayo: dakika 15 mbele ya jopo, kuhusu bei ya maji ya mitungi mtaani Mukuru. Barua pepe kwa msimamizi iondoke Alhamisi hii asubuhi. Siku 7 zinaonekana nyingi, lakini wikendi inameza 2, na kurekebisha slaidi na kufanya mazoezi kunataka 2 nyingine. Kwa hiyo omba jibu kufikia Jumatatu jioni na uitaje siku hiyo. Ukiandika "ukipata nafasi", nafasi itapatikana Jumatano usiku.

Muhtasari uwe ukurasa mmoja, kila slaidi na mstari wake na dakika zake. "Mbinu za utafiti" ni kichwa tu, hakuna cha kukosoa hapo. Andika "Nitahoji kaya 60 na wauzaji 10, kwa sababu bei anayoitaja muuzaji huenda si ile anayolipa mnunuzi." Jumlisha dakika kabla ya kutuma, zikipita 15, punguza mwenyewe, usimpelekee msimamizi hesabu. Bandika muhtasari ndani ya barua hata kama umeuambatisha, maana huenda atausoma kwenye simu akiwa katika foleni ya magari Thika Road.

Kazi kubwa iko kwenye mashaka. "Naomba maoni yako" huleta jibu la "iko sawa, endelea", kwa kuwa umemwachia yeye atafute tatizo. Shaka nzuri inataja slaidi, inasema kinachokusumbua, kisha inatoa njia mbili na ile unayoielekea. Mfano:

"Daktari, habari za asubuhi. Muhtasari wa wasilisho la Alhamisi ijayo uko hapa chini. Nina mashaka mawili. Slaidi ya 6: kaya 60 nimezichagua karibu na vituo vya maji, na jopo linaweza kuuliza kuhusu wanaoishi mbali. Niongeze kaya za mbali, au niutaje huo kuwa mpaka wa utafiti? Naelekea kuongeza. Slaidi za 3 hadi 5: kazi zilizotangulia zinachukua dakika 5. Je, nizibanie katika slaidi moja? Nikipata jibu kufikia Jumatatu jioni, nitarekebisha Jumanne."

Hilo hujibiwa kwa maneno matatu: "Ongeza. Ndiyo, zibanie." Mashaka yasizidi matatu, na zito litangulie, maana wengi hujibu la kwanza kwa kirefu na mengine kwa haraka. Shaka la rangi za slaidi muulize mwenzako wa darasani.

Kichwa cha barua kibebe tukio na tarehe ya jibu: "Muhtasari wa utetezi wa Alhamisi: maswali 2, jibu kufikia Jumatatu".

Jumanne asubuhi ikifika kimya, jibu juu ya barua ileile kwa mstari mmoja: "Daktari, naendelea na kuongeza kaya za mbali, ukiona tofauti, naweza kubadilisha hadi Jumatano saa sita mchana."